Futari Mgahawani: Kupanga Saa, Chakula na Wafanyakazi katika Mwezi wa Ramadhani

Katika miezi mingine wateja wa mgahawa hufika kwa mafungu. Mmoja anaagiza, mwingine anakula, wa tatu analipa, na jiko linakwenda kwa mwendo huo. Futari haina mafungu. Watu wote walioketi ukumbini wanataka kitu cha kutia kinywani katika dakika ileile moja, na dakika hiyo haipangwi na mwenye mgahawa. Ndiyo maana wapishi hodari wa mwaka mzima hushindwa katika siku tatu za kwanza za Ramadhani: wanaendelea kusubiri oda, ilhali kazi hii inataka kila kitu kiwe kimekamilika kabla ya mteja kusema neno.

Nitaeleza hatua kwa hatua namna ya kuendesha kazi hiyo katika mgahawa wa viti 60 ulioko Kariakoo, Dar es Salaam, wenye msikiti umbali wa kutembea kwa dakika mbili au tatu. Mwenye ukumbi mkubwa au mdogo zaidi anaweza kuzidisha au kupunguza vipimo, lakini mpangilio wa saa utabaki uleule.

Saa zote zihesabiwe kurudi nyuma kutoka kwenye adhana

Mwanzoni mwa Machi jua huzama Dar es Salaam karibu saa 12:40 jioni, na saa hiyo ndiyo nitakayoitumia katika mfano huu. Usiandike saa moja ukutani kwa mwezi mzima. Katika Ramadhani ya mwaka 2026, iliyoanza Februari, magharibi ya siku za mwanzo ilikuwa karibu saa 12:46, na ya siku za mwisho ilikuwa karibu saa 12:34. Tofauti ya dakika 12 ni ndogo machoni, lakini inatosha kumkuta mtu wa karai akiwa bado na sambusa mbichi mkononi. Chukua ratiba ya msikiti ulio jirani, ibandike jikoni na kaunta, na kila asubuhi andika kwa chaki saa ya siku hiyo.

Misikiti miwili ya mtaa mmoja inaweza kupishana kidogo katika kuadhini, na wateja wataanza kuulizana kama wafungue au wasubiri. Amua mapema utafuata msikiti upi, na uwaambie wateja wanapoketi. Jambo hili lina uzito zaidi kwa mwenye mgahawa bara, kwa sababu adhana ya televisheni au redio mara nyingi huwa ya Dar es Salaam au Zanzibar. Kigoma jua huzama karibu dakika 40 baada ya Dar es Salaam, kwa hiyo anayefunguliwa na televisheni huko anakula mchana.

Siku ya kwanza ina utata wake. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Shaaban hakuna ajuaye kwa hakika kama kesho ni swaumu, na hata mwezi ukitangazwa kuna wanaofuata mwandamo wa kimataifa ambao huenda wakawa wametangulia kwa siku moja. Nunua mapema vitu vikavu tu, yaani tende, unga, sukari, mchele na viungo. Mihogo, magimbi, nazi na nyama vinunuliwe asubuhi ya siku yenyewe, na siku hiyo upike nusu ya kipimo cha kawaida.

Chakula kitoke mara mbili

Mwaka wangu wa kwanza nilikosea hapa. Niliweka mezani kila kitu kwa pamoja, pilau na mchuzi pamoja na uji na tende, kwa kuamini kwamba mtu mwenye njaa hapaswi kusubirishwa. Adhana ilipolia wateja walikula tende, wakanywa uji vijiko vichache, kisha karibu wote wakainuka kwenda kuswali. Waliporudi pilau ilikuwa imepoa na mchuzi umeganda mafuta juu, na jiko halikuwa na nafasi ya kupasha sahani 40 kwa mkupuo. Tangu siku hiyo sijaweka chakula kizito mezani kabla ya sala.

Toleo la kwanza ni la kufungulia: tende tatu, glasi ya maji, bakuli la uji wa pilipili manga, sambusa mbili na kipande cha tikiti. Vyote hivi viwe mezani dakika tano kabla ya adhana, isipokuwa uji, ambao humiminwa dakika tatu kabla, kwa sababu ukikaa hufanya ganda juu na kuonekana wa zamani. Toleo la pili ni futari yenyewe, na hutoka wateja wanaporudi kutoka msikitini. Misikiti mingi huchelewesha kidogo kukimu sala ya Magharibi katika Ramadhani ili watu wafungue kwanza, kwa hiyo katika mfano wetu wateja huanza kurudi karibu saa 12:58, na sahani ya kwanza ya toleo la pili itoke saa 1 kamili usiku. Muda ule wa dakika 18 ni wa thamani kubwa kuliko wote wa siku: ukumbi uko mtupu, meza zinafutwa, mabakuli yanaondolewa na jiko linapakua.

Katika toleo la pili usiwe na vyakula vingi. Sinia ya futari ya nazi, yaani mihogo na magimbi, bakuli la maharage ya nazi, kipande cha samaki wa kukaanga na sahani ndogo ya pilau vinamtosha mteja wa kawaida. Unaweza kubadilisha futari kwa siku, leo mihogo na magimbi, kesho ndizi mzuzu, keshokutwa viazi vitamu, lakini isizidi aina moja kwa siku. Kila aina inayoongezeka inadai sufuria yake, jiko lake na mtu wake wa kuikoroga. Toza bei moja kwa mtu mmoja, bila kuchagua chagua, kwa sababu mhudumu hana muda wa kuandika oda za watu 60 saa 1 usiku. Tambi za sukari na kaimati ziwekwe kaunta kwa wanaotaka kuongeza pamoja na chai ya tangawizi.

Uji upikwe bila sukari na sukari iwekwe pembeni. Miongoni mwa wanaofunga wako wenye kisukari, na bakuli la uji ndicho kitu cha kwanza kuingia tumboni baada ya saa 13 hivi za kukaa bila kula. Mtu huyo asilazimike kumweleza mhudumu ugonjwa wake ili apate uji anaoweza kuunywa.

Vipimo vya watu 72

Viti ni 60, lakini hesabu ifanywe kwa watu 72, kwa sababu wafanyakazi 12 nao watafuturu. Mgahawa usiowahesabu wafanyakazi wake huishia kuwapa makombo, au huishiwa chakula mteja wa mwisho akiwa bado anasubiri.

Uji ni mililita 300 kwa mtu, kwa hiyo pika lita 22. Tende tatu kwa kila mtu ni tende 216, na kilo 2 za tende za ukubwa wa kati zitakaribia kutosha. Nunua kilo 2 na nusu kwa ajili ya mpita njia aliyekutwa na adhana mlangoni, ambaye hapaswi kuondoka mikono mitupu. Sambusa ziwe 150. Kwa futari ya nazi, kadiria gramu 250 za mizizi iliyokwisha kumenywa kwa kila mtu, yaani kilo 18. Maganda na vipande vibovu huchukua karibu robo, kwa hiyo ununue kilo 24. Mimi huweka nazi moja kwa kila kilo ya mizizi iliyomenywa, na hizo ni nazi 18. Mchele wa pilau kilo 7 unatosha, kwa sababu mtu aliyekwisha kula magimbi hali sahani kubwa ya wali.

Muhogo unahitaji uangalifu wa pekee. Muhogo mchungu una sumu, na kipande kimoja kikiingia sufuriani kinaharibu ladha ya futari nzima. Nunua kwa muuzaji mmoja unayemjua, na kila mzigo unapofika mtu asiyefunga aonje kipande kidogo kibichi kutoka kwenye mihogo kadhaa na kukitema. Kikiwa kichungu, mzigo urudi. Magimbi nayo yasipoiva sawasawa huwasha koo, kwa hiyo yatangulie kuingia sufuriani kabla ya mihogo.

Hapa linakuja suala la kuonja. Wanazuoni wengi wanamruhusu mpishi aliyefunga kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema, penye haja, lakini wapishi wengi hawapendi kufanya hivyo na hawapaswi kulazimishwa. Njia nzuri ni kupima chumvi kwa mizani badala ya kiganja. Gramu 8 kwa kila kilo ya kilichomo sufuriani, ukijumlisha na tui, hutoa chakula kilichokolea bila kuzidi. Kilo 18 za mizizi na lita 8 za tui zinataka gramu 200 hivi. Andika kipimo hicho kwenye karatasi, na kama yupo mfanyakazi asiyefunga, awe ndiye mwonjaji wa kudumu wa sufuria zote ili ladha isibadilike kila siku.

Mchana wa jikoni

Kazi nzito zifanywe asubuhi, wakati miili bado ina nguvu ya daku. Kuanzia saa 1 asubuhi kikundi cha watu watatu kimenye mizizi na kuiweka kwenye maji, kikunje sambusa na kuzipanga kwenye trei zilizonyunyiziwa unga, kichambue maharage na kuyachemsha. Sambusa zilizokunjwa zikae kwenye jokofu zikiwa zimefunikwa, kwa sababu manda zikikauka hupasuka ndani ya mafuta. Kuanzia saa 9 alasiri mikono hulegea na macho hupoteza umakini, na ajali nyingi za kisu nilizoziona jikoni katika Ramadhani zilitokea baada ya saa hiyo. Kwa hiyo baada ya saa 9 kusibaki kitu cha kukatwa isipokuwa tikiti.

Nazi zisikunwe asubuhi. Katika joto la Dar es Salaam tui huchacha upesi, na futari iliyopikwa kwa tui lililokaa hutoa harufu kali ambayo viungo haviwezi kuificha. Zikunwe saa 8 mchana. Tui zito la kwanza liwekwe kwenye jokofu, na tui jepesi litumike kuchemshia magimbi, kisha mihogo, kuanzia saa 10 alasiri. Mizizi ikishalainika, karibu saa 11:15, moto upunguzwe na tui zito limiminwe, nawe ukoroge polepole bila kuacha hadi lianze kuchemka. Ukiona matone ya mafuta yanajitenga na maji meupe mepesi kubaki chini, tui limekatika, na sababu ni moto mkubwa au kuacha kukoroga. Halitarudi kuwa laini. Ponda vipande vichache vya muhogo ndani yake ili mchuzi ushikamane, na kesho punguza moto mapema zaidi.

Pilau ifunikwe na kupaliwa makaa saa 11:30. Saa hiyohiyo mtungi wa gesi upimwe kwa kunyanyuliwa, na mtungi wa akiba uwe umeshajaa na uko karibu. Gesi ikiisha saa 12 jioni hutapata wa kukuletea, kwa sababu na yeye anakimbilia nyumbani kufuturu. Juisi ya ukwaju au ya embe iwe imeshasagwa saa 10, ili umeme ukikatika usikukwamishe, na taa za betri ziwe zimechajiwa.

Sambusa ndizo zinazowashinda wengi. Karai la kawaida hubeba sambusa 25 na kila mkupuo huchukua dakika 7 hivi, kwa hiyo sambusa 150 zinataka mikupuo sita, yaani dakika 42. Anza saa 11:45 na utamaliza saa 12:27. Zikitoka, zipangwe zikiwa zimesimama kwenye wavu wenye uwazi chini, wala zisifunikwe. Sambusa ya moto ikifunikwa hutoa mvuke unaoilainisha ganda, na mteja akiiuma hasikii mlio. Kama unauza za kubeba, zikaangwe kabla ya hizi, kuanzia saa 11 kamili, na mifuko yake iwe ya karatasi.

Chakula kilichoiva kisiachwe mezani kipoe huku kikisubiri. Futari, maharage na pilau vikae juu ya makaa hafifu au kwenye hotpoti, vikiwa na joto la nyuzi 60 za Selsiasi au zaidi. Kipimajoto cha jikoni si ghali, na kinaondoa ubishi.

Wafanyakazi

Usijaribu kuendesha mwezi huu kwa zamu moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na mtu aliyefunga akianza saa 1 asubuhi hawezi kuwa na uso wa kumpokea mgeni saa 2 usiku. Wale watatu wa asubuhi waondoke saa 8 mchana, wakafuturu na familia zao. Zamu ya jioni iingie saa 8 mchana na kutoka saa 4 usiku. Ina watu 12: wapishi wawili, mtu mmoja wa karai, waosha vyombo wawili, wahudumu watano, mmoja wa dirisha la kubeba na mmoja wa kaunta. Mhudumu mmoja kwa wateja 12 anatosha kwa sababu haandiki oda. Zamu zibadilishwe kila wiki, ili kila mtu apate siku za kufuturu nyumbani.

Mtu wa kaunta ndiye mshika saa. Kazi yake kuanzia saa 12 jioni ni kutangaza kwa sauti: “Dakika 30,” “Dakika 15, maji na tende mezani,” “Dakika tano, sambusa zitoke,” “Dakika tatu, uji.” Jikoni kuna kelele za karai na feni, na mpishi hasikii adhana wala haangalii ukuta.

Adhana ikilia, kila mfanyakazi asimame alipo, afungue kwa tende na maji aliyowekewa, na asiitwe na mtu yeyote kwa dakika tatu. Hilo linawezekana kwa sababu mteja ana kila kitu mbele yake. Wote wawe wametawadha kufikia saa 12:15. Wa jikoni wataswali kwanza, kuanzia saa 12:43, kwenye stoo iliyosafishwa na kutandikwa mikeka, wakati wahudumu wanawatazama wateja. Wapishi wakirudi saa 12:51 kuanza kupakua, ukumbi utakuwa mtupu, na hapo wahudumu nao wataswali. Wasiofunga wabaki kufuta meza na kujaza majagi. Kama umechelewa siku moja, kundi la pili liswali baada ya kupakua, kwa kuwa wakati wa Isha huingia baada ya saa moja na zaidi. Lakini isiwe desturi, kwa sababu wafanyakazi wanaona vizuri nani anaiheshimu swaumu yao na nani anaitumia kibiashara tu.

Mlo kamili wa wafanyakazi uwe kwa mafungu mawili, saa 1:20 na saa 1:40 usiku, kutoka kwenye sufuria iliyotengwa mapema, wakiwa wameketi.

Meza, nafasi na watu wa kubeba

Weka nafasi 48 kwa waliotangulia kupiga simu na kulipa nusu, na viti 12 uviachie wanaotokea mlangoni. Mwambie kila aliyeweka nafasi kwamba kiti chake kinashikiliwa hadi dakika 15 kabla ya adhana. Atakayechelewa kwa foleni ya magari atapewa tende na maji popote aliposimama, kisha atafutiwa kiti cha toleo la pili, ambapo daima kuna walioamua kuondoka baada ya sala.

Dirisha la kubeba lifungwe saa 12:20, hata kama kuna foleni, na tangazo la saa hiyo liandikwe mapema. Msongamano wake huwa mkubwa kati ya saa 11:30 na saa 12:10, na ukiuruhusu uvuke hapo, mtu wa karai atagawa sambusa za wateja walioketi. Katika kumi la mwisho, Kariakoo inapojaa wanunuzi wa nguo za Idi, ukumbi hupungua na dirisha huzidiwa; hamisha mhudumu mmoja kutoka ukumbini na uongeze sambusa, upunguze pilau.

Baada ya Isha

Wateja wengi huwa wameondoka kufikia saa 1:45 usiku ili wawahi Isha na Tarawehe. Usipange meza upya kwa ajili ya kundi kubwa la pili; acha chai, kaimati na supu kwa watakaotoka msikitini.

Pilau na futari ya nazi zilizobaki zisilale kwa ajili ya kesho. Wali uliopoa polepole huzalisha vijidudu ambavyo sumu yake haiondoki hata ukipashwa moto, na futari yenye tui huchacha kabla ya daku. Zigawiwe kabla ya saa 3 usiku, zikiwa bado za moto, kwa walinzi wa mtaa, wabeba mizigo na nyumba za jirani. Kabla ya kufunga, mtu wa kaunta apime kilichobaki katika kila sufuria na akiandike kwenye daftari pamoja na idadi ya watu waliofuturu. Mizizi ikibaki zaidi ya kilo 2 kwa siku mbili mfululizo, kipimo cha kesho kipungue kwa kilo 2. Uji ukiisha kabla ya meza ya mwisho, uongezwe lita 3, na muuzaji wa mihogo apigiwe simu usiku huohuo.